Ombi la mchango wa upasuaji wa Mama Rajabu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki wa familia yetu,

Assalaam alaykum, na habari za leo kwenu nyote. Ninayeandika ni Rajabu, mtoto wa kwanza wa Mama Rajabu, fundi cherehani mnayemfahamu. Naandika baada ya kukaa na wadogo zangu Hamisi, Salma na Mwanaidi, pamoja na mjomba wetu, na kila namba iliyomo humu wote watano tumeikubali.

Jumamosi alfajiri Mama aliteleza akitoka kuchota maji ya kutawadha, akaangukia ubavu wa kushoto. Hakuweza kuinuka. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja imevunjika, pale mfupa unapoingia kwenye nyonga. Daktari ametueleza kuwa kwa mtu wa miaka 66 mfupa ukivunjika mahali hapo kwa namna hii hauungi vizuri wenyewe, kwa hiyo atatoa kichwa cha mfupa kilichovunjika na kuweka cha bandia. Baada ya hapo anatarajia Mama asimame na kuanza kutembea kwa fremu ndani ya siku chache.

Kabla sijafika kwenye pesa, kuna jambo la kusahihisha. Jumapili ulizunguka ujumbe kwamba Mama atakatwa mguu na kwamba zinahitajika shilingi 8,000,000. Si kweli, yote mawili. Mguu haukatwi, na gharama si milioni nane. Aliyeuandika ni kijana wetu wa nyumbani, aliandika kwa hofu, na kosa ni langu pia, maana nilimsimulia nusu ya mambo kabla sijapewa makadirio ya hospitali. Watu tisa walishatuma jumla ya shilingi 215,000 kwa kuamini ujumbe ule. Nimewapigia wote tisa na kuwaeleza ukweli, na wote wamesema pesa ibaki. Imeingizwa kwenye hesabu hapa chini. Ukiupata ujumbe ule tena, tafadhali usiusambaze.

Gharama zenyewe ni hizi:

Kiungo bandia cha nyonga: 2,400,000
Upasuaji, pamoja na chumba, daktari na dawa ya ganzi: 1,350,000
Vipimo vya damu, moyo na eksirei: 285,000
Kitanda wodini, siku 10 kwa 30,000: 300,000
Dawa na vifaa: 420,000
Fremu ya kutembelea: 85,000
Mazoezi ya viungo, mara 8 kwa 25,000: 200,000

Jumla: shilingi 5,040,000.

Mistari miwili ya kwanza imo kwenye karatasi ya makadirio yenye muhuri wa hospitali, na wa vipimo una risiti. Kitanda na dawa ni makisio. Daktari anasema siku kumi kwa kuhesabu kuanzia Jumamosi, lakini kidonda kikichelewa siku zitaongezeka, na kila siku moja ni 30,000 nyingine. Kwenye dawa, kubwa ni sindano za kuzuia damu isigande, ambazo ataendelea nazo hata akirudi nyumbani. Gharama zetu sisi za nauli na chakula cha wanaomuuguza hazimo humu. Hizo ni zetu.

Tulichokwishapata:

Sisi watoto wanne: 1,500,000
Mjomba: 250,000
Akiba ya Mama mwenyewe kwenye kikoba: 640,000
Cherehani ya kudarizi tuliyoiuza: 350,000
Wale watu tisa: 215,000

Jumla: shilingi 2,955,000. Katika hizo, 285,000 zimekwenda kwenye vipimo, na zilizopo mkononi ni 2,670,000.

Kwa hiyo pengo ni shilingi 2,085,000, na hilo ndilo tunalowaomba mtusaidie kuliziba.

Halihitajiki lote kwa siku moja. Hospitali inataka kiungo na upasuaji, yaani 3,750,000, vilipwe kabla Mama hajaingizwa chumba cha upasuaji. Ukitoa tulizonazo, zinapungua 1,080,000. Hizo ndizo za haraka. Zikipatikana hadi Alhamisi jioni, Mama anapasuliwa Ijumaa asubuhi. Zilizobaki, 1,005,000, ni za kitanda, dawa, fremu na mazoezi, nazo zinaweza kuja polepole hadi siku ya kuruhusiwa na baada yake. Kama mshahara wako ni mwisho wa mwezi, mchango wako bado una kazi. Usikope ili utuchangie.

Najua yapo maswali ambayo mtu huona haya kumuuliza mwenye mgonjwa. Nayajibu mwenyewe.

Bima: Mama alikuwa nayo, muda wake ukaisha mwaka jana, na sisi watoto hatukuilipia upya. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amelipa. Hilo ni kosa letu, wala si la Mama.

Kwa nini si hospitali ya serikali: tulianzia huko, na bei yake ni nafuu. Foleni ya upasuaji wa aina hii ilikuwa ya wiki mbili hadi tatu. Daktari wa huko huko alitushauri kwamba kama tunaweza kupata mahali pa haraka zaidi tusisubiri, kwa sababu mtu wa umri wake akilala chali muda mrefu anaweza kupata homa ya mapafu, vidonda vya mgongoni, au damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Tulikaa nje ya wodi tukashauriana karibu saa nzima. Tukaamua kumhamisha tukijua kwamba tutalazimika kuja kwenu.

Kwa nini hatuuzi cherehani ya pili: ile ya kudarizi imeuzwa, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema iuzwe. Iliyobaki ndiyo anayoshonea sare za shule na nguo zenu. Akipona bila cherehani atakuwa mzima asiye na kazi, nasi tutarudi kuwaomba tena. Akirudi kazini, ataendelea kujitegemea kama alivyojitegemea tangu Baba afariki.

Namna ya kutoa. Kwa simu, tuma kwa namba hii hii ninayowaandikia, na jina litakalotokea liwe langu. Likitokea jina jingine, usitume, na kama utapewa namba nyingine na mtu yeyote, hata akisema ametumwa na mimi, nipigie kwanza. Kwa mkono, mpe Mama Zainabu wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Yeye si ndugu yetu, na tumemwomba kwa sababu hiyo. Ana daftari, ataandika jina na kiasi mbele yako, nawe utaweka sahihi. Kila jioni tunalinganisha daftari lake na ujumbe wa simu yangu, tukiwa na Hamisi.

Kila siku saa mbili usiku nitawaandikia kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Picha za risiti za hospitali nitazituma siku zinapotolewa. Sitaandika fulani katoa ngapi. Mwenye elfu mbili na mwenye laki moja wote wamemsaidia Mama, na sipendi jirani yeyote apite mlangoni kwetu akiinamisha kichwa kwa sababu ya kiasi alichotoa.

Siku 2,085,000 zitakapotimia nitatangaza kuwa mchango umefungwa. Zikizidi kidogo, zitaongeza siku za mazoezi, kwa kuwa mara nane ndicho kiwango cha chini alichotuambia daktari. Zikizidi sana, nitawarudishia waliotuma mwisho. Na likitokea tusilolipenda, Mwenyezi Mungu atuepushe nalo, pesa itakayokuwepo italipa kwanza deni la hospitali, kisha nitawaeleza iliyobaki ni kiasi gani na kuwauliza kabla sijaigusa.

Wapo wawili walioniambia wangependa kukopesha badala ya kuchangia. Tunashukuru na tunakubali, ila mkopo wote kwa jumla usizidi 500,000, kwa sababu uwezo wangu wa kulipa ni 100,000 kwa mwezi. Tutaandikiana, na deni litakuwa langu, halitakuwa la Mama.

Kuna msaada usiohitaji pesa, na kwa kweli huu nauhitaji usiku huu kuliko wote. Hospitali imeomba watu wawili wa kuchangia damu ili kurudishia akiba itakayotumika. Kundi lolote la damu linafaa. Hamisi amejitolea, anatakiwa mmoja zaidi, mtu mzima mwenye afya njema, na aende Jumatano asubuhi akiwa amekula. Pili, leo ni usiku wa tatu mfululizo Salma analala pembeni ya Mama, na ana mtoto mchanga nyumbani. Wodi ni ya wanawake, kwa hiyo mimi na Hamisi haturuhusiwi kulala pale. Dada au shangazi yeyote atakayeweza kumpokea usiku mmoja, amwambie Salma moja kwa moja. Kazi yenyewe ni kumgeuza Mama kila baada ya saa chache, kumpa maji, na kumwita muuguzi maumivu yakizidi.

Kwa wanaotaka kumtazama: nawaomba msubiri hadi siku ya pili baada ya upasuaji. Sasa hivi kila anayeingia Mama anajaribu kujiinua amsalimie, na kila akijiinua anaumia. Mnamjua alivyo.

Na kwa asiye na kitu kwa sasa, sihitaji maelezo wala kuombwa radhi. Dua yako tunaipokea kwa moyo ule ule.

La mwisho limetoka kwa Mama mwenyewe. Jana, kabla sindano ya maumivu haijamlaza, alinishika mkono akaniuliza vitambaa vya watu viko wapi. Viko salama kabatini, vyote kumi na moja, vikiwa na majina yake ya chaki. Malipo ya awali mliyompa, jumla 74,000, nimeyakuta kwenye kopo lake na nimeyatenga. Hayamo kwenye hesabu yoyote hapo juu na hayatagusika. Anayetaka kitambaa chake na pesa yake aje kwangu kesho kuanzia saa kumi jioni, atavipata bila neno. Anayeweza kusubiri asubiri, lakini nadhani itakuwa miezi mitatu au zaidi kabla Mama hajaweza kukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto. Mwenye gauni la harusi la mwezi ujao, tafadhali njoo ulichukue. Amesema vipimo vyako ameviandika kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa, ili fundi mwingine asikupime upya.

Nawashukuru.

Rajabu, kwa niaba ya Hamisi, Salma, Mwanaidi na Mjomba
Jumatatu usiku