Kadi ya Mteja na Ofa ya Mlete Mwenzako

Kadi, upande wa mbele

KINYOZI WA MTAA WETU
Nyoa mara 8, ya 9 juu yetu.

Kadi namba 147
Imeanza 3 Machi 2026. Mwisho 2 Machi 2027.

1 · 2 · 3 · 4 (leo unaoshwa kichwa bure) · 5 · 6 · 7 · 8 · KUNYOA BURE

Kadi, upande wa nyuma

Toa kadi kabla ya kulipa. Muhuri mmoja kwa kila unyoaji uliolipiwa bei kamili.

Ndevu peke yake ni nusu: mara ya kwanza tunakata kisanduku kwa mstari wa kalamu, mara ya pili tunagonga muhuri juu ya mstari huo.

Kadi haibadilishwi kwa pesa. Kadi mbili haziunganishwi.

Ukiipoteza, njoo na namba yake au jina lako. Mihuri yako imo kwenye daftari.

Upande wa mihuri haung'ai, na ni makusudi: kwenye karatasi inayong'aa wino haukauki haraka, unaishia kwenye mfuko wa shati. Ukigongewa, subiri kidogo kabla ya kuikunja.

Karatasi ya mwaliko (mbili za kwanza zinatoka na kila kadi)

MLETE MWENZAKO
Umealikwa na mwenye kadi namba 147.
Unyoaji wako wa kwanza hapa ni nusu bei. Unaondoka na kadi yako mwenyewe, muhuri wa kwanza ukiwa umeshagongwa.
Onyesha karatasi hii kabla ya mashine kuwashwa.
Imetolewa 3 Machi 2026. Inatumika siku 60, mwisho 2 Mei 2026.

Tangazo la ukutani, pembeni ya kioo cha kati

Ndugu wateja,

Kuanzia 1 Machi 2026 kila anayenyoa hapa kwa bei kamili anapewa kadi bila malipo. Ukijaza visanduku 8, unyoaji unaofuata hulipi. Anayenyoa kila baada ya wiki mbili anaijaza kwa wiki 16 hivi. Anayekuja mara moja kwa mwezi anaijaza kwa miezi 8. Kadi inaishi miezi 12, kwa hiyo hata anayefuga nywele kidogo hapunjwi.

Unyoaji wa bure ni huu: mtindo wowote unaonyoa kwa kawaida, iwe fedi, panki au kipara, pamoja na kuchonga laini kwa wembe mpya, kuosha kichwa na kupakwa spiriti au mafuta. Rangi, skrabu na masaji havimo. Ukivitaka siku hiyo, unalipia hivyo tu.

Hatuna siku tulizozifungia kadi. Jumamosi na mkesha wa sikukuu njoo nayo, panga foleni kama wote, wala hutaambiwa umpishe anayelipa. Kinyozi anayekunyoa bure analipwa na duka fungu lake lote, kwa hiyo hana sababu ya kukupitishia mashine harakaharaka. Ukihisi umefanyiwa hivyo, sema palepale ukiwa bado umevaa kitambaa shingoni.

Kurekebisha hakugongewi muhuri na hakulipiwi. Laini ikipinda au upande mmoja ukibaki mrefu, rudi ndani ya siku 3. Baada ya hapo nywele zimeshaota, na hakuna anayeweza kusema kosa lilikuwa la mashine au la siku.

Watoto chini ya miaka 12 wana kadi yao ya rangi ya njano, kila mtoto na yake. Kadi ya njano inalipa unyoaji wa mtoto tu. Tumezitenganisha kwa sababu bei ya mtoto ni ndogo. Mzazi mwenye watoto wanne angejaza kadi ya mtu mzima kwa safari mbili, na ofa isingefika mwaka.

Kumleta mwenzako

Ukimleta mtu ambaye hajawahi kunyoa hapa, yeye analipa nusu bei na wewe unapata mihuri 2. Mihuri yako inaingia akishanyolewa na kulipa, si pale unapompa karatasi. Huhitaji kuwapo: namba ya kadi yako iko kwenye karatasi, tunaiandika kwenye daftari, na tunakugongea siku utakayokuja.

Karatasi itolewe kabla ya mashine kuwashwa. Anayeikumbuka wakati wa kulipa amechelewa, na hili halina mjadala, maana hapo ndipo marafiki wawili huibuka kila mmoja akisema ndiye aliyemleta. Mgeni mwenye karatasi mbili anatumia moja aliyoionyesha kwanza.

Mwisho ni wageni 3 kwa mwezi kwa kadi moja. Mihuri ya wageni inaweza kufikia 6 kwenye kadi moja, lakini visanduku 2 lazima vitokane na kichwa chako mwenyewe.

Huwezi kujialika kwa kadi ya pili. Mteja wa zamani aliyepotea mwaka mzima tunampokea kwa mikono miwili, ila si mgeni. Anapewa kadi ya kawaida.

Mgeni akija na mapunye, vidonda au vipele vinavyotoa maji kichwani, hatumnyoi siku hiyo, kwa ajili yake na kwa ajili ya atakayekaa baada yake. Karatasi yake tunaiandikia tarehe mpya, siku 60 zinaanza upya, na aliyemleta hapotezi kitu.

Kwenye daftari tunaandika jina la kwanza, namba ya kadi na tarehe za mihuri. Namba ya simu ni hiari, na inatumika kwa ujumbe wa kadi tu.

Masharti yakibadilika, tutabandika tangazo hapa siku 30 kabla. Kadi iliyokwisha kuanza itamalizwa kwa masharti haya haya.

Ujumbe wa simu, kwa walioacha namba

Muhuri wa 7: "Habari, ni kinyozi wa mtaani. Kadi yako 147 ina mihuri 7. Umebakiza mmoja, kisha unanyoa bure. Hutaki ujumbe huu? Jibu ACHA."

Mwenzake amefika: "Asante. Uliyemwalika amenyoa leo. Kadi 147 imeongezwa mihuri 2 kwenye daftari, njoo nayo tuigonge."

Mwezi mmoja kabla ya kadi kuisha: "Kadi yako 147 inaisha 2 Machi 2027, na visanduku 8 vimeshajaa. Njoo unyoe bure kabla ya tarehe hiyo."

Karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la daftari, kwa vinyozi wa viti vyote vitatu

Mteja akikaa, uliza: "Una kadi au karatasi ya mwaliko?" Uliza kabla ya kumfunga kitambaa, maana akishafungwa hawezi kuingiza mkono mfukoni.

Futa mikono kwanza. Mkono wenye maji au mafuta unachafua wino, na muhuri usiosomeka ni ugomvi wa mwezi ujao.

Gonga, andika tarehe na herufi ya jina lako ndani ya kisanduku, kisha andika kwenye daftari kabla mteja hajatoka. Kadi na daftari vikipishana, daftari ndilo linalofuatwa. Lakini daftari likiwa na siku iliyorukwa, mteja anapewa muhuri wake na kosa ni letu.

Kadi iliyojaa inatobolewa tundu katikati na kubaki dukani. Mteja anapewa mpya palepale pamoja na karatasi mbili za mwaliko. Mwambie: "Hii ya leo juu yetu, kaka. Na hizi mbili wape ambao bado wanavuka barabara kwenda kunyoa."