Zoezi la Methali, Kidato cha Pili (Alama 10)

Soma kila swali mara mbili. Neno moja hubadilisha methali nzima.

1. Mtaka cha mvunguni... (alama 1)
(a) hukosa (b) huinama (c) hungoja

2. Kamilisha: Asiyesikia la mkuu... (alama 2)

3. Wasswa, mkulima wa Mbale, alichuma kahawa ikiwa bado kijani, akaambulia shilingi chache. Jirani yake alingoja ikawa nyekundu, akaianika vizuri, akalipwa zaidi. Methali ipi inamfaa jirani?
(a) Haba na haba hujaza kibaba
(b) Mvumilivu hula mbivu
(c) Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako

Herufi ina alama 1. Eleza pia, kwa sentensi mbili, kwa nini (c) haimfai (alama 6). Hapa ndipo ninapotaka kuona mnavyofikiri.