Mgeni akishapewa paswedi ya Wi-Fi anaona nini? Maswali ya shangazi na majibu yangu

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita Kiponda, Mji Mkongwe, na ruta yake nilimfungia mimi. Juma lililopita mgeni mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwonyesha kwenye simu yake orodha ya vifaa vyote vya nyumba, mpaka televisheni ya chumbani kwake. Shangazi hakupata usingizi. Nikaja, tukakaa barazani na kijana wa mapokezi, wakauliza nikajibu. Nimeyaandika ili yabaki pale mapokezini.

Mwanangu, yule mgeni kayajuaje majina ya vitu vyangu? Kaivunja ruta?

Hajavunja kitu, shangazi. Vifaa vyenyewe vinapiga mbiu. Printa na televisheni kila mara hutangaza ndani ya mtandao: mimi fulani, nipo hapa, nafanya kazi hii. Ndivyo simu yako inavyoipata televisheni bila wewe kuandika namba yoyote. Utaratibu huo unaitwa mDNS, na aliyeunganishwa husikia tangazo bila kuulizwa yeye ni nani.

Zipo pia programu za bure zinazobisha hodi kwenye kila anwani ya mtandao wako, tangu 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254. Kila kifaa kinachoitikia hutoa anwani yake ya MAC, yaani namba yake ya utambulisho, na nusu ya mwanzo ya anwani hiyo ni alama ya kiwanda. Kwa hiyo mgeni anajua una kamera, na ni ya kampuni gani. Simu za sasa (tangu Android 10 na iOS 14) hujivika anwani ya kubuni. Kamera na printa mara nyingi hazina desturi hiyo.

Linalonikera mimi zaidi ni jambo dogo: akiangalia orodha hiyo asubuhi na jioni kwa siku tatu, atajua saa unazotoka na saa unazorudi, kwa simu yako kutoweka na kurejea.

Na ninayoyasoma kwenye simu? Anayaona?

Hapa tuende polepole, maana watu wengi huambiwa nusu.

Ruta yako ilikuwa inatumia WPA2, utaratibu wa kusimba yanayopita kwenye Wi-Fi, kama ruta nyingi mitaani. Katika WPA2 ya nyumbani, ufunguo mama hupatikana kwa kuchukua paswedi na jina la Wi-Fi, vikasagwa pamoja mara 4096. Hakuna kingine kinachoingia humo. Maana yake kila mwenye paswedi ana ufunguo mama uleule. Kila simu inapojiunga, yenyewe na ruta hupeana namba za bahati nasibu ili kutengeneza ufunguo wa kikao hicho, lakini namba hizo hupita hewani wazi. Mgeni mwenye kompyuta ya kunasa mawimbi, akizidaka namba hizo wakati simu yako inajiunga, anatengeneza ufunguo wako na kuifungua pazia ya Wi-Fi. Na kama ulishajiunga zamani, kuna namna ya kuisukuma simu itoke ili ijiunge upya mbele yake.

Ila nyuma ya pazia hiyo kuna kufuli la pili. Tovuti nyingi leo ni HTTPS, programu za benki nazo husimba mawasiliano yao, na ujumbe wa WhatsApp husimbwa tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Atakachopata ni majina ya tovuti unazofungua, saa unazofungua, na ukubwa wa kinachopita. Ataona umeingia tovuti ya hospitali fulani; ulichosoma humo hakioni. Kwa mtu mwenye haya, jina tu linatosha kuwa siri iliyovuja.

WPA3, iliyotoka 2018, iliziba tundu hili: kila kikao kina ufunguo mama wake, na kuijua paswedi hakumsaidii anayesikiliza tu pembeni.

Pesa za simu je?

Ukipiga nyota na namba mpaka alama ya reli, hiyo haipiti Wi-Fi kabisa, inapita mnara wa simu. Hapo usimhofu mgeni.

Lakini paswedi nimempa yeye peke yake.

Umempa yeye, simu yake imempa nani? Android na iPhone humwonyesha mwenyewe paswedi aliyoihifadhi. Ule mchoro wa QR ambao wageni huskani pale mezani, ndani yake umeandikwa hivi tu, bila kusimbwa:

```
WIFI:T:WPA;S:KipondaWageni;P:pweza-wa-nazi-27;;
```

Kwenye kompyuta ya Windows ni mstari mmoja:

```
netsh wlan show profile name="KipondaWageni" key=clear
```

Kwa hiyo paswedi ikishatoka, ihesabu ni ya mtaa mzima.

(Kijana wa mapokezi) Kaka, anaweza kuingia kwenye ruta yenyewe akabadilisha mambo?

Paswedi ya Wi-Fi inamfikisha mlangoni. Anaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka, unaomba jina na paswedi ya msimamizi. Kama bado ni admin na admin kama ilivyotoka dukani, kaingia. Hapo ndipo pa kuogopa, kuliko hayo yote niliyosema juu: ataona vifaa vyote, ataweza kuyaelekeza maulizo ya majina ya tovuti kwenye kompyuta anayoitaka yeye, na hata kukufungia wewe nje. Ya hapa ilikuwa admin na admin. Kosa langu, nilisema nitarudi kuibadilisha, sikurudi.

Akishaondoka, basi yamekwisha?

Hayajesha. Kuta za hapa ni za mawe na chokaa, nene, mawimbi yanapata tabu. Lakini dirishani yanatoka, na mtu akikaa baraza ya jirani simu yake inajiunga bila kumwuliza mtu.

Kuna na hila nyingine. Mwenye jina na paswedi yako anaweza kwenda popote, hata Forodhani, akawasha Wi-Fi yake kwa jina lilelile na paswedi ileile. Simu yako ikipita karibu itadhani imefika nyumbani, ijiunge. Sasa ruta ni ya kwake.

Tukilificha jina la Wi-Fi?

Halisaidii. Simu yako yenyewe italitaja hewani ikiitafuta.

Basi umefanya nini?

Nimetenga mitandao miwili. Wageni wana wao, wenye jina na paswedi yake, na nimewasha kinga ya kutenganisha vifaa: mgeni anapata intaneti, lakini haoni printa, haoni kamera, hamwoni hata mgeni wa chumba cha pili. Hasara yake, hawawezi tena kurusha picha kutoka kwenye simu hadi televisheni ya sebuleni. Watalalamika, waambie waje na waya.

Mtandao wa nyumba nimeuweka WPA3 pamoja na WPA2, maana printa ile kongwe haiijui WPA3. Vifaa vinavyoingia kwa WPA2 bado vina udhaifu niliousema, ila paswedi hiyo sasa mnaijua watu wanne. WPS, ile njia ya kujiunga kwa namba badala ya paswedi, nimeizima: tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu nane huvunjwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Ya msimamizi nimeibadilisha, iko kwenye daftari la shangazi.

Na ile karatasi iliyobandikwa chini ya ruta?

Ile ina paswedi za kiwandani, hazifungui kitu tena. Ila mtu akibonyeza kwa muda kile kitufe kidogo cha nyuma, ruta inarudi kama ilivyotoka dukani na karatasi ile inakuwa ya kweli tena. Ndiyo maana ruta nimeihamishia juu ya kabati lako la vyombo, shangazi. Ukisikia ngazi inasogezwa, uliza.