Taarifa ya Kudukuliwa kwa Akaunti ya Barua Pepe ya Idara ya Fedha

KWA: Wajumbe wa Menejimenti
KUTOKA: Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA, Makao Makuu, Dar es Salaam
TAREHE: 19 Machi 2025

Kati ya Jumanne tarehe 11 na Ijumaa tarehe 14 Machi, mhalifu aliingia katika akaunti ya barua pepe ya afisa mmoja wa Idara ya Fedha, akasoma mawasiliano yake na kuwatumia wateja wetu watatu ankara zenye namba ya akaunti ya benki isiyo yetu. Mteja mmoja, wa Dodoma, alilipa shilingi 14,600,000. Benki imefanikiwa kuzuia shilingi 9,150,000, ila shilingi 5,450,000 zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mfumo wa uhasibu na akaunti zetu za benki havikuguswa.

Jumanne saa 3:42 asubuhi, afisa huyo alipokea barua pepe kutoka kwa wakala wetu wa forodha, ikimtaka afungue hati ya mzigo uliopo bandarini. Anwani ilikuwa ya kweli, kwa sababu akaunti ya wakala ilikuwa imedukuliwa kabla ya yetu, na mzigo nao ulikuwapo kweli. Kiungo kilimpeleka kwenye ukurasa unaofanana na ule tunaoutumia kila siku kuingia kwenye barua pepe, akaandika nywila yake na namba sita za uthibitisho zilizokuja kwenye simu. Ukurasa huo wa bandia ulizipeleka papo hapo kwenye mfumo halisi, na mhalifu akaingia kwa jina lake. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeulizwa mara kadhaa namba za uthibitisho zilikuwa na kazi gani: zinamzuia aliyeiba nywila peke yake, hazimzuii anayezipokea kutoka kwa mwenyewe.

Saa 3:58 mhalifu aliweka ndani ya akaunti agizo lililopewa jina la nukta moja tu, `.`, lililohamisha kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" kwenda kwenye folda ya `RSS Feeds`, ambayo hakuna mtumishi wetu anayeifungua. Wateja waliouliza kuhusu akaunti mpya walijibiwa na mhalifu, na afisa wetu hakuziona barua hizo.

Tulizinduliwa na mteja wa Morogoro, aliyepiga simu Ijumaa saa 4:20 asubuhi kuuliza kwa nini akaunti mpya ina jina la mtu binafsi badala ya jina la kampuni. Saa 4:35 tulibadili nywila, lakini hatukumtoa mhalifu aliyekuwa amekwisha kuingia, sawa na kubadili kitasa ilhali mwizi bado yumo ndani. Tuligundua hilo na kufunga miunganisho yote saa 5:50. Kosa hilo la saa moja na robo ni la kitengo changu, na utaratibu wetu wa dharura umesharekebishwa.

Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na orodha ya mishahara ya watumishi 46, yenye majina, namba za NIDA na akaunti zao za benki. Kumbukumbu za mfumo hazionyeshi kwamba ilipakuliwa, lakini hazitoshi kuthibitisha kwamba haikusomwa, hivyo tunaihesabu kuwa imesomwa. Watumishi hao wamejulishwa, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imearifiwa kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2022. Polisi na wakala wa forodha pia wamepewa taarifa.

Afisa husika alieleza kila kitu mara alipoulizwa, na maelezo yake ndiyo yaliyotuwezesha kuifikia folda iliyofichwa mchana uleule. Naomba kwa dhati asichukuliwe hatua za nidhamu. Watumishi wakiona aliyesema kweli ameadhibiwa, tukio lijalo litafichwa, nasi tutalisikia fedha zikiwa zimeondoka zote.

Naiomba Menejimenti iagize kwamba mabadiliko yoyote ya akaunti ya malipo, yetu au ya mwingine, yathibitishwe kwa simu kupitia namba tuliyokuwa nayo tangu awali, si iliyoandikwa kwenye barua yenyewe. Naomba pia shilingi 4,200,000 za kununulia vifunguo vya usalama vya watumishi 14 wanaoshughulikia malipo, viwili kwa kila mmoja. Kifunguo hiki huchomekwa kwenye kompyuta na hukataa kufanya kazi kwenye ukurasa wa bandia, hata mtumishi akiwa ameuamini.

Kuhusu mteja wa Dodoma, aliyelipa kwa nia njema kwa kufuata barua iliyotoka kwenye anwani yetu halisi, uamuzi wa nani abebe shilingi 5,450,000 ni wa Menejimenti na mwanasheria wetu. Naomba utolewe kabla ya Ijumaa tarehe 21 Machi, kwa kuwa mzigo wake wa mabati umezuiwa ghalani ukisubiri uamuzi huo.