Juu ya Kamba

Zilibaki dakika mbili, bila kwa bila, na mbuzi wa zawadi alikuwa amefungwa kwenye mkorosho akila ganda la muwa. Hamisi akaachia shuti. Goli la kusini halina mtambaa wa panya, ni miti miwili na kamba ya katani. Kamba ilitikisika, mpira ukaishia mihogoni.

"Goooli!" Bondeni nzima ikaingia uwanjani.

Mzee Kombo akapuliza filimbi, akaonyesha golikiki.

Wakamzunguka. Mshika kibendera wa upande ule aliulizwa, akaangalia chini. Wote walimwona muda mrefu tu akichati. Kapteni wa Bondeni akasogea, jasho likimtiririka.

"Shikamoo babu. Lakini hapa umetuonea."

"Marahaba. Mpira umepita juu. Rudi nyuma."

"Macho yako yamezeeka, babu!"

Mzee akatoa kadi nyekundu, kipande cha boksi la majani ya chai. Kapteni akatoka akitukana kimoyomoyo. Penalti zikapigwa, mbuzi akaenda Mlimani.

Usiku Hamisi hakuja mkekani. Alikula jikoni, peke yake.

"Nasikia umemnyima mjukuu wako mbuzi," bibi alisema, akipakua ugali.

"Ulipita juu."

"Wewe ulisimama wapi?"

"Katikati ya uwanja."

"Na miwani?"

Mzee Kombo akamega tonge, akalitazama.

"Mchuzi huu hauna chumvi," alisema.