Ujumbe kwa shangazi kuhusu mchango wa harusi

Shikamoo shangazi. Kadi ya mchango nimeipata jana jioni. Nimefurahi mno kuona jina la mdogo wangu kwa wino wa dhahabu; nimeiegemeza kabatini, kila anayeingia namwonyesha.

Shangazi, nakuambia mapema ili kamati isinihesabu: safari hii sitaweza kuchangia. Baba watoto tangu avunjike mguu hajarudi kwenye bodaboda, na kidogo nilichonacho ni ada ya watoto ya Januari. Sikutaka kuweka ahadi halafu nianze kukwepa simu zako. Wewe ndiye uliyeninunulia sanduku na godoro nilipokwenda kidato cha kwanza, sijasahau, na ndiyo maana imeniwia vigumu kuandika haya.

Ila mikono ninayo. Nitafika Alhamisi, mchele wa pilau niachieni nichambue mimi, na nywele za akina mama wote wa nyumbani nitasuka mimi, msilipe msusi. Ukumbini msiniwekee kiti, nitakuwa jikoni na wenzangu.

Mwambie bibi harusi nampenda sana. Nitampigia Jumapili tukitoka kanisani.

Mwanao, Morogoro