Zoezi la Hisabati, Darasa la Saba: Bajeti ya Nyumba Moja Igoma

Muda: dakika 40. Usitumie kikokotoo. Onesha njia, jibu tupu lina nusu ya alama.

Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba ni fundi baiskeli Igoma. Mwezi uliopita walipata sh. 540,000 na kuzigawa zote kama grafu ya duara inavyoonesha:

Chakula 162°, kodi ya nyumba 72°, umeme, maji na mkaa 45°, akiba 27°. Kipande cha nauli za daladala hakikuandikwa nyuzi.

1. Tafuta nyuzi za kipande cha nauli, kisha kiasi cha fedha kilichotumika.

2. Kodi ya nyumba ni asilimia ngapi ya mapato?

3. Kabla ya kupiga hesabu, tazama duara tu: je, chakula kimezidi nusu au hakijafika? Umejuaje? Sasa tafuta kiasi kamili.

Grafu ya mihimili inaonesha fedha ya chakula ilivyotumika. Soma vizuri inapoanzia.

```
Mwanzo wa mhimili: 20,000     █ = sh. 5,000
Unga     ██████
Mchele   ████████
Samaki   ████████▌
Mboga    ████
Mafuta   ██
```

4. Kadiria fedha ya samaki kwa jicho. Kisha tumia jibu la swali la 3 kupata kiasi kamili. Umekosea kwa shilingi ngapi?

5. Mwanafunzi mmoja alisema, "Mhimili wa mchele ni mara mbili ya ule wa mboga, kwa hiyo mchele uligharimu mara mbili." Mjibu kwa namba.

6. Kadiria unga ni asilimia ngapi ya fedha ya chakula. Mwenzako akisema hiyo ndiyo asilimia ya mapato yote, amekosea wapi?

7. Nauli ikipanda kwa asilimia 20, na nyongeza yote ikatolewa kwenye akiba, akiba itabaki shilingi ngapi? Kipande chake kitakuwa nyuzi ngapi?

Kwa msahihishaji

1: 54°, sh. 81,000. 2: asilimia 20. 3: hakijafika, kwa kuwa nusu ni 180°; sh. 243,000. 4: kadirio lolote kati ya 60,000 na 65,000 lipewe alama, kamili ni 63,000. 5: mchele 60,000, mboga 40,000, yaani mara moja na nusu. Aliyekubaliana na mwanafunzi yule amesoma picha, hajasoma namba. Mrudishe kwenye mwanzo wa mhimili kabla ya kumwekea kosa. 6: 50,000 kwa takriban 250,000 ni asilimia 20, kwa mapato yote ni kama asilimia 9 tu, maana kizima kimebadilika. Hapa ndipo wengi huanguka, hivyo usiharakishe kusahihisha. 7: nyongeza 16,200, akiba 24,300, nyuzi 16.2.